Kumjibu Mlalamikaji Aliyekasirika: Uchungu Wake Kwanza, Ukweli, Kisha Hatua

(Hotuba iliyotolewa na Ofisa Uhusiano wa Polisi kwa askari wa madawati ya malalamiko na maofisa wa ushirikishwaji jamii, Uganda)



Nimeombwa nizungumze juu ya barua pepe za malalamiko, hasa zile zinazoandikwa kwa hasira. Badala ya kuwapa kanuni nyingi, nitaeleza barua moja tu, jinsi ilivyokaribia kujibiwa vibaya, na jinsi ilivyojibiwa hatimaye. Sitataja kituo wala mhusika yeyote.

Barua hiyo ilitufikia Jumatatu saa tatu usiku. Mwandishi alikuwa mama mmoja ambaye mwanawe, kijana wa miaka 19, alikamatwa Ijumaa saa moja jioni kwa tuhuma ya wizi wa simu. Mama alifika kituoni Jumamosi mchana akaambiwa, "Hayupo hapa." Hakuambiwa zaidi ya hapo. Jumapili yote alimtafuta hospitalini, na jioni akaingia mochwari kuangalia maiti za vijana. Jumatatu asubuhi alipigiwa simu kwamba mwanawe yuko kituo kingine, na huko akaombwa shilingi 50,000 za dhamana. Alizituma kwa simu, na kijana akatoka saa tano asubuhi. Barua yake ilituita waongo, wauaji na wezi, na ikadai kwamba tulimficha mwanawe kwa makusudi.

Askari wetu wa dawati, kijana mwenye bidii, aliandaa jibu usiku ule ule. Lilisomeka hivi: "Tumepokea malalamiko yako. Tunasikitika kama ulikwazika. Mwanao alishikiliwa kwa mujibu wa sheria na hakufichwa. Dhamana ya polisi haitozwi fedha. Tafadhali fika katika kituo husika kwa maelezo zaidi."

Lugha ya jibu hilo ni safi, lakini tulitazame kwa makini. Neno "kama" katika "kama ulikwazika" linatia shaka juu ya jambo lisilo na shaka, kwa kuwa mama aliyetoka mochwari hawezi kuulizwa kama alikwazika. Maneno "kwa mujibu wa sheria" yaliandikwa kabla ya kitabu cha matukio kufunguliwa, na kama mtakavyoona, hayakuwa ya kweli. Sentensi juu ya dhamana ni sahihi kisheria, lakini kwa mtu aliyekwisha kulipa inasikika kama kumwambia kwamba anasema uongo. Na mwisho, tulikuwa tunamrudisha kwenye kaunta ile ile anayoilalamikia. Nililizuia jibu hilo lisitumwe.

Jumanne saa mbili na nusu asubuhi tulimtumia ujumbe mfupi wa kumjulisha mambo matatu: kwamba barua yake imesomwa na mtu, kwamba tunafungua vitabu vya vituo vyote viwili, na kwamba Alhamisi kabla ya saa kumi jioni atapata jibu kamili. Ujumbe huo haukueleza wala kutetea lolote. Kazi yake ilikuwa kumwondolea mama usiku mwingine wa kukaa bila kujua.

Kisha tuliisoma barua mara tatu, na kila mara tulitafuta kitu kimoja. Mara ya kwanza tulipigia mstari yale yaliyompata na kumuumiza, mara ya pili madai yanayoweza kuthibitishwa au kukanushwa, na mara ya tatu kile anachokitaka. Matusi hatukuyapigia mstari. Neno "wauaji" halikuwa shtaka la kujibiwa. Lilikuwa ni mochwari inayozungumza.

Vitabu vilituonyesha nini? Jumamosi saa nne asubuhi, kijana alihamishiwa kituo cha pili kwa sababu mahabusu ya kituo cha kwanza ilikuwa imejaa, na uhamisho huo uliandikwa. Zamu ilipobadilika, askari aliyepokea kaunta hakusoma ukurasa wa asubuhi. Kwa hiyo aliposema "hayupo hapa" hakudanganya, ila hakusema yuko wapi. Vitabu vilionyesha pia jambo ambalo mama hakulitaja. Ibara ya 23 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inataka mtu aliyekamatwa kwa tuhuma afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote si zaidi ya saa 48 tangu kukamatwa, iwapo hajaachiliwa kabla. Saa hizo zilikwisha Jumapili saa moja jioni. Kijana alitoka Jumatatu saa tano asubuhi, yaani saa 16 baadaye. Msiniambie kwamba ilikuwa mwisho wa wiki. Ibara hiyo haiziondoi Jumamosi na Jumapili katika hesabu, na ikiwa mahakama haiketi, njia ya dhamana ya polisi ipo.

Hapo palitokea mjadala ofisini. Mwenzetu mmoja aliuliza, "Afande, kwa nini tumwambie kosa ambalo hakulilalamikia?" Nilimjibu kwamba tulikuwa tunataka kumweleza mama huyu habari za saa za mwanawe, na haiwezekani kueleza saa hizo kwa ukweli huku tukiruka 16. Akizihesabu mwenyewe kesho, hata yale mengine tuliyomwambia kwa ukweli hatayaamini.

Jibu lililotumwa Alhamisi lilikuwa hivi:

"Mama mheshimiwa,

Ulifika kituoni kumtafuta mwanao ukaambiwa hayupo, bila kuambiwa alipo. Kwa sababu hiyo ulikaa siku nzima ukimtafuta hospitalini, na ukalazimika kuingia mochwari ukihofia kumkuta huko. Mzazi hapaswi kupitishwa katika hali hiyo, na hasira yako ina sababu. Kwa hilo tunakuomba radhi.

Tumesoma vitabu vya vituo vyote viwili. Mwanao alihamishwa Jumamosi saa nne asubuhi kwa kuwa mahabusu ilikuwa imejaa. Askari uliyemkuta mchana hakuwa amesoma maandishi hayo, na alipaswa kuyasoma kabla ya kukujibu. Hatukuona dalili kwamba uhamisho ulifanywa ili kumficha. Hata hivyo, hatukukuta maandishi yanayoonyesha kwamba mwanao aliulizwa ndugu gani ajulishwe, ingawa Katiba inamtaka polisi amjulishe ndugu pale aliyekamatwa anapoomba. Pia mwanao alishikiliwa saa 16 zaidi ya saa 48 zinazoruhusiwa. Hilo ni kosa letu.

Kuhusu shilingi 50,000, dhamana ya polisi haina malipo. Umesema uliombwa fedha na ukazituma, nasi tunalichukulia jambo hilo kwa uzito. Hatujathibitisha nani alizipokea, kwa hiyo hatutasema zaidi mpaka uchunguzi ukamilike. Tafadhali usiufute ujumbe wa simu wa kutuma fedha hizo.

Hatua ni hizi. Lalamiko la fedha limepelekwa kwenye kitengo kinachochunguza mienendo ya polisi, na namba yake iko juu ya barua hii. Ofisa wa kitengo hicho, ambaye si wa vituo vilivyohusika, atakupigia simu kabla ya Jumatatu jioni. Suala la saa 16 limepelekwa kwa kamanda kwa maandishi. Kuanzia jana, kila kaunta ya vituo hivyo viwili inaweka orodha ya waliohamishwa na mahali walipo, na askari anayepokea zamu huitia saini. Ukipenda, kamanda nami tutakuona Jumamosi saa nne asubuhi katika ofisi ya mkoa, si kituoni.

Kwa kuwa mwanao ni mtu mzima, mambo ya jalada lake tutazungumza naye mwenyewe au wakili wake. Iwapo hukuridhika na jibu hili, una haki ya kwenda Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda au mahakamani, na kulalamika kwako hakutaathiri kesi ya mwanao."

Ndugu zangu, aya ya kwanza ya barua hiyo haina maelezo wala neno "lakini". Tuliomba radhi kwa jambo ambalo vitabu na maneno ya mama vilikubaliana. Hatukuomba radhi kwa rushwa, kwa sababu haikuwa imethibitishwa, wala hatukuikanusha, kwa sababu hiyo hiyo. Kutambua uchungu wa mtu si kukiri kila dai lake, maana unaweza kusema "ulitafuta mwanao mochwari" bila kusema "tulimficha". Askari anayeogopa kusema la kwanza kwa hofu ya la pili huishia kuandika "tunasikitika kama ulikwazika."

Angalieni pia kwamba ukweli uliotutetea, yaani uhamisho na sababu yake, uliwekwa baada ya uchungu wake kutambuliwa, na ukafuatwa papo hapo na ukweli uliotulaumu. Laiti ungewekwa mwanzoni, ungeonekana kuwa udhuru. Na kila hatua tuliyoiahidi ilikuwa ama imekwisha kufanyika, ama ina mtu wa kuitekeleza na siku yake. Hatukuahidi kwamba askari fulani atafukuzwa. Jambo hilo huamuliwa na mamlaka ya nidhamu baada ya kumsikiliza mhusika, na ofisi ya uhusiano ikiliahidi inamdanganya mama na kumhukumu askari kwa wakati mmoja.

Jibu la namna hii lina mipaka yake. Halikuondoa madhara, na mama angeweza bado kwenda mahakamani kudai fidia ambayo Katiba inaitambua kwa mtu aliyezuiliwa kinyume cha sheria. Afisa anayeandika kwa upole akidhani kwamba upole utamzuia mlalamikaji asidai haki yake, huo si upole tena bali ni hila, na wananchi huitambua upesi.

Mama alikuja Jumamosi ile, na simu yake mkononi. Uchunguzi wa fedha unaendelea, kwa hiyo sitausemea. Alipokaa alituambia kwamba ameisoma barua mara mbili, na kwamba mambo mawili bado hakubaliani nayo. Akayataja, tukayaandika, akatia saini. Kabla ya kuondoka alimweleza kamanda jina la mtu anayemfahamu, ambaye ndugu yake naye alihamishwa Jumamosi ile ile na bado alikuwa akitafutwa. Tulipopiga simu, tulimkuta katika kituo cha pili, jina lake likiwa mstari mmoja chini ya jina la mwanawe.

Nendeni mkasome orodha za kaunta zenu leo kabla ya kupokea zamu.