Ridhaa Huanzia Mlangoni: Sehemu ya Maadili Katika Utafiti wa Afya

Hotuba kwa wakazi na vikundi vinavyoandaa tafiti za afya, Bungoma na Kitale



Utafiti wa afya unaopita nyumba kwa nyumba huhitaji kwanza kibali cha kamati ya maadili, kisha leseni ya NACOSTI. Kamati haitosheki na maneno kama "washiriki wataridhia na siri italindwa". Hutaka kujua ni nani atakayebisha hodi, na atafanya nini.

Tuchukue mfano wa utafiti wa uzazi wa mpango. Waandaaji wanapendekeza maswali yaulizwe na wahudumu wa afya ya jamii, kwa kuwa wanajulikana kijijini. Hapo ndipo penye shida. Mhudumu huyo ndiye mama anayemtegemea mtoto akiugua. Mama akikubali kwa kuogopa kumuudhi, hiyo si ridhaa.

Basi sehemu ya maadili iandike hivi: mhudumu ataonyesha boma na kuondoka, maswali yataulizwa na karani kutoka wadi nyingine. Maelezo yatasomwa kwa Kiswahili au Lubukusu, kisha mama ataombwa ayaeleze kwa maneno yake mwenyewe. Akisema, "Nikikataa sitapata dawa," karani atamweleza upya kabla ya kuendelea. Asiyejua kusoma ataweka alama ya kidole gumba mbele ya shahidi asiye wa timu ya utafiti. Chifu, kupitia baraza, hufungua njia ya kuingia kijijini. Hawezi kumridhia mtu mwingine, wala mume hawezi kumridhia mkewe.

Kuhusu siri, kufuta jina hakutoshi. Kijijini, "mjane mwenye mapacha, miaka 34" anajulikana hata bila jina. Kwa hiyo majibu yapewe namba, orodha ya majina ifungiwe mahali pengine, na ripoti itaje wadi badala ya kijiji. Mahojiano yafanyike faraghani. Mama mkwe akitokea, karani ahamie kwenye maswali ya kawaida, kama ya maji au vyandarua.

Mgumu zaidi ni msichana wa miaka 16 mwenye mtoto, anayeishi kwa wakwe. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2006 inamruhusu msichana aliye mzazi kuridhia mwenyewe kupimwa virusi. Lakini kupimwa si sawa na kushiriki utafiti. Waandaaji waieleze kamati wazi kama wanaomba aridhie mwenyewe, na kwa nini kumuuliza mzazi kunaweza kumdhuru. Waandike pia watakalofanya akifichua kwamba anapigwa: ni kituo gani atapelekwa, na siri itaishia wapi. Mpaka huo aambiwe kabla ya swali la kwanza. Akiambiwa baada ya kufichua, atakuwa amechelewa kuchagua kunyamaza.

Mkazi anayebishiwa hodi ana haki ya kuona kibali, kuuliza, kukataa, au kuacha katikati, na huduma zake kliniki zikabaki vilevile.