Miguu Inapolemea Jioni: Vali Zilizolegea na Damu Inayotuama

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo ya afya yaliyoandaliwa kwa wafanyabiashara wa sokoni na wakaazi wengine wa kaunti ambao kazi yao ni ya kusimama.



Mazungumzo ya leo ni kuhusu miguu. Wako watu wanaoamka asubuhi miguu ikiwa myepesi, lakini ikifika saa kumi jioni inauma na kulemea kama iliyofungwa mawe. Viatu vinabana, soksi zinaacha alama, na nyuma ya shavu la mguu kumejitokeza mishipa ya rangi ya samawati au kijani, imevimba na kujipinda kama mizizi ya mti. Wengine huambiwa wana damu chafu, wengine kwamba wamerogwa. Sababu yenyewe iko ndani ya mshipa.

Damu hushuka miguuni ikisukumwa na moyo. Kurudi juu ndiko kugumu, kwa kuwa kutoka kwenye kifundo cha mguu hadi moyoni ni zaidi ya mita moja, na moyo uko mbali. Anayeisukuma damu hiyo kurudi ni msuli wa shavu la mguu. Kila hatua mtu anapopiga, msuli hukaza, huibana mishipa mikubwa iliyo ndani yake, na damu hupanda. Msuli ukilegea, damu ingerudi chini kama isingezuiwa. Kinachoizuia ni vali, yaani vipande viwili vyembamba vya ngozi laini vilivyo ndani ya mshipa, vinavyofunguka kuelekea juu na kufungika damu inapotaka kushuka. Mwaka 1628 daktari Mwingereza William Harvey alieleza katika kitabu chake kwamba vali hizi hupitisha damu upande mmoja tu, kuelekea moyoni.

Shida huanza ukuta wa mshipa unapolegea na kutanuka. Vile vipande viwili havifikiani tena katikati, na mlango unabaki wazi. Damu inashuka na kuilemea vali iliyo chini yake, nayo inatanuka na kushindwa. Mishipa iliyo karibu na ngozi haina msuli wa kuishikilia, kwa hiyo inavimba, inarefuka, na kwa kukosa nafasi inajipinda.

Chukua mfano wa mama wa miaka 44, muuza mboga, mwenye watoto wanne. Mamake pia alikuwa na mishipa kama hiyo, na jambo hili hufuata ukoo. Ilianza kuonekana katika mimba ya pili. Wakati wa ujauzito homoni hulegeza kuta za mishipa, damu mwilini huongezeka, na mtoto hukandamiza mishipa ya nyonga. Baada ya kujifungua ilipungua, kama ilivyo kwa akina mama wengi, lakini kila mimba iliyofuata iliacha mingine. Sasa anasimama kwenye kibanda tangu alfajiri hadi magharibi.

Mtu akitembea na vali zikiwa nzima, shinikizo la damu katika mishipa ya kifundo hupungua sana kuliko anaposimama tu. Kwa mama huyu halipungui vya kutosha, kwa sababu damu iliyopandishwa inarudi. Anapolala na kuinua miguu, damu inatoka yenyewe na maumivu yanatulia. Hiyo ndiyo dalili kubwa ya ugonjwa huu: maumivu huongezeka kwa kusimama na hupungua kwa kuinua miguu.

Akifika hospitalini, daktari humpima akiwa amesimama, maana akilala mishipa hujificha. Kisha humlaza, huinua mguu mpaka mishipa iwe tupu, hufunga mpira sehemu ya juu ya paja, na kumwambia asimame. Mishipa ikibaki tupu, halafu mpira ukifunguliwa damu ishuke ghafla kutoka juu, basi vali iliyoharibika iko kwenye kinena. Ikijaa haraka mpira ukiwa bado umefungwa, kuna vali nyingine mbovu chini zaidi. Siku hizi kipimo cha mawimbi ya sauti huonyesha mahali hasa damu inaporudi nyuma.

Mishipa iliyojipinda peke yake si hatari kubwa. Hatari huja taratibu ikiwa shinikizo litakaa miaka mingi. Maji na chembe za damu huvuja kwenye ngozi. Upande wa ndani wa mguu, juu kidogo ya kifundo, ngozi huwa nyeusi au ya kahawia, huwasha, kisha hukakamaa. Hapo mkwaruzo mdogo wa kuni huwa kidonda kisichopona kwa miezi. Wengi hununua poda na vidonge vya kuua viini, lakini kidonda hakiponi kwa sababu damu bado imetuama chini yake. Kinachokiponya ni kusafishwa na kufungwa bendeji ya kubana kutoka vidoleni hadi chini ya goti, huku mgonjwa akiinua mguu anapopumzika. Bendeji hiyo ifungwe na mhudumu aliyefunzwa.

Kwa yule mama, hatua za kwanza ni rahisi. Asisimame wima bila kusogea. Kila baada ya muda mfupi ainuke juu ya vidole vya miguu na kushuka, mara kumi hivi, ili msuli usukume damu. Mteja akikosekana, aketi na kuinua miguu juu ya kreti. Nyumbani alale kidogo miguu ikiwa juu kuliko moyo. Soksi za kubana huvaliwa asubuhi kabla ya kutoka kitandani, miguu ikiwa bado haijajaa. Hata hivyo, mwenye kisukari, mvutaji sigara wa miaka mingi, au anayeumwa na miguu anapotembea apimwe kwanza mishipa inayoshusha damu. Ikiwa imeziba, soksi hizo zinaweza kumdhuru.

Mazoezi na soksi hupunguza maumivu, ila havirudishi vali iliyoharibika. Anayetaka mshipa wenyewe ushughulikiwe hufanyiwa upasuaji, huchomwa sindano ya dawa inayoufunga, au huzibwa kwa joto la leza. Damu hupata njia nyingine kupitia mishipa ya ndani ambayo ni mizima. Hata baada ya hapo mishipa mingine inaweza kuvimba miaka ijayo.

Kuna mambo mawili yasiyongoja. La kwanza ni mshipa kupasuka na kutoa damu nyingi, pengine kwa kugongwa au kukwaruzwa. Mgonjwa alale chini mara moja, mguu uinuliwe juu, na pale panapotoka damu pabanwe kwa nguvu kwa kitambaa safi mpaka ikome, kisha apelekwe hospitali. Asifungwe kamba juu ya mguu, maana inazidisha damu kutoka. La pili ni mguu mmoja kuvimba ghafla, kuuma na kuwa wa moto. Hilo linaweza kuwa damu iliyoganda katika mshipa wa ndani. Usikandwe wala kuchuliwa; mgonjwa afike hospitali siku hiyo hiyo. Akikosa pumzi au kifua kikimchoma, asisubiri hata saa moja.

Mwenye ngozi iliyoanza kubadilika rangi juu ya kifundo asingoje kidonda. Aanzie kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, aeleze maumivu huanza saa ngapi na hutulia vipi, na aombe apimwe akiwa amesimama.