Kuhamia Simu ya Chapa Nyingine Bila Kuacha Majina, Picha na Mazungumzo Nyuma



Malalamiko mengi yanayotufikia kuhusu simu mpya hayahusu simu mbovu. Simu ni nzima na muuzaji ametoa risiti, ila mazungumzo ya miaka kadhaa hayaonekani tena. Leo nitaeleza safari moja tu, ile inayowasumbua wengi: kutoka simu ya Android, iwe Tecno, Samsung, Infinix au nyingineyo, kwenda iPhone. Anayetoka Android moja kwenda Android nyingine ana njia nyepesi zaidi, nami nitaigusa kabla ya kumaliza.

Nianze na mama mmoja anayeuza vitenge. Oda zake zote huja kwa WhatsApp: picha ya kitambaa, idadi ya vipande, jina la mteja, na uthibitisho wa malipo. Humo pia mna madeni. Alinunua iPhone iliyokwisha kutumika, na muuzaji, kwa nia njema kabisa, akamwashia na kumwekea kila kitu papo hapo dukani. Laini ikahamishwa, WhatsApp ikapakuliwa, namba ikathibitishwa. Programu ilifunguka ikiwa tupu. Akaambiwa asiwe na wasiwasi, mazungumzo yamo katika akaunti yake ya Google na yatashuka yenyewe. Alisubiri siku tatu.

Hayakushuka, wala yasingeshuka hata angesubiri mwaka. WhatsApp iliyo katika Android huweka nakala yake ya akiba katika hifadhi ya Google. Iliyo katika iPhone huiweka katika iCloud, hifadhi ya Apple. Mlango mmoja hausomi ufunguo wa mwingine. Ukiwa na nakala ya Google iliyo kamili, ya jana usiku, bado iPhone haina namna ya kuifungua. Jambo hili ndilo watu hawaambiwi dukani, na ndilo linalogharimu.

Njia iliyopo ni ya simu kwa simu, ana kwa ana, kwa programu ya Apple iitwayo Move to iOS, ambayo hupakuliwa bure kwenye Play Store katika simu ya zamani. Inahitaji Android 5 au zaidi upande mmoja, na iOS 15.5 au zaidi upande wa pili. Lakini ina sharti moja zito: iPhone iwe haijaanza kutumika, yaani bado iko kwenye zile kurasa za mwanzo zinazouliza lugha na nchi. Ikishawekwa tayari, nafasi hiyo imepita, na hairudi mpaka simu ifutwe yote na kuanza upya. Ndiyo maana wema wa muuzaji yule ulikuwa hasara.

Mama yetu alikuwa na bahati moja: simu ya zamani alikuwa hajaiuza. WhatsApp inapohamia simu nyingine, ile ya kwanza hutolewa kwenye namba, lakini mazungumzo yake hubaki ndani ya simu mpaka programu iondolewe au simu ifutwe. Alirudisha laini katika simu ya zamani, akathibitisha namba kwa ujumbe mfupi, na mazungumzo yote yakafunguka. Kisha ikabidi aifute iPhone, na hapo alipoteza ujumbe wa siku zile tatu, kwa kuwa ulikuwa umeingia huko tu. Tulimshauri aupige picha za skrini kwanza na azitume kwa barua pepe. Oda nane zilinusurika hivyo.

Kufuta iPhone ni hivi: Settings, kisha General, kisha Transfer or Reset iPhone, kisha Erase All Content and Settings. Hapa pana hatari kwa mnunuzi wa simu ya mtumba. Ikiwa mwenye simu wa kwanza hakuiondoa akaunti yake ya Apple, simu ikifutwa na kuwashwa itaandika iPhone Locked to Owner na kudai nywila ya mtu usiyemjua. Wewe huwezi kuifungua, na fundi mwaminifu hatakuahidi kuifungua. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aifute mbele yako, aiwashe, na aiunganishe na intaneti. Ikifika kwenye kurasa za mwanzo bila kudai akaunti ya mtu, basi. Iache hapohapo. Usikubali akuendeleze zaidi ya hapo.

Sasa majina. Katika Android, namba za watu zinaweza kukaa mahali patatu: katika laini, katika simu yenyewe, au katika akaunti ya Google. Kwenye orodha yanaonekana yamechanganyika, hivyo mtu hudhani yako pamoja. Laini ina nafasi ndogo, mara nyingi majina 250 hivi, na jina refu hukatwa; ndiyo sababu baadhi yenu mna watu wanaoitwa “Fundi Umeme wa Mb”. Yaliyo katika laini huyaoni iPhone mpaka uyaingize kwa makusudi, na yaliyo katika simu pekee hupotea pamoja na simu. Fungua programu ya majina katika simu ya zamani, tafuta sehemu ya kuingiza kutoka laini, na unapoulizwa pa kuyaweka, chagua akaunti yako ya Google. Yale yaliyo kwenye simu yahamishie huko pia. Kisha fungua contacts.google.com katika kivinjari na utazame idadi. Mama wa vitenge alidhani ana majina zaidi ya 900. Kule yalionekana 412. Mengine yalikuwa yamegawanyika kati ya laini na simu. Huo ulikuwa wakati mzuri wa kujua.

Kuhusu picha nitasema mambo mawili tu. Kwanza, Move to iOS hubeba picha zilizomo katika simu. Ikiwa uliwahi kukubali Google Photos ikuondolee picha ili kupata nafasi, hizo hazimo tena katika simu. Ziko katika akaunti, na utaziona ukiweka Google Photos katika iPhone. Hazijapotea, ila hazitahamishwa. Pili, msitumiane picha kwa WhatsApp kama njia ya kuhama. Kwa kawaida hupunguzwa ubora, na tarehe ya kupigwa hupotea, hata picha ya arusi ya mwaka 2016 ikajipanga pamoja na za leo.

Kabla ya kuanza, linganisheni nafasi. Mwenye simu ya GB 64 iliyojaa, pamoja na kadi ya kumbukumbu, hatatosha katika iPhone ya GB 64, maana sehemu ya nafasi hiyo imeshachukuliwa na mfumo wenyewe. Futeni kwanza video za vikundi zinazorudiwarudiwa. Sina haja ya kuzitaja, mnazijua.

Siku ya kuhamisha, chomekeni simu zote mbili kwenye umeme. Katika iPhone endeleeni na kurasa za mwanzo mpaka ile inayouliza data itoke wapi, mchague Android. Itatokea namba ya siri ya tarakimu sita au kumi. Katika simu ya zamani fungueni Move to iOS, mwandike namba hiyo, na mkubali inapoomba kujiunga na mtandao wa muda unaotengenezwa na iPhone. Orodha ya vitu itakuja: majina, ujumbe mfupi, picha, na WhatsApp. Ni lazima WhatsApp ichaguliwe hapa. Ukiigusa, bonyeza START, nayo itaandaa mazungumzo kwa muda, kisha itajitoa yenyewe katika simu ya zamani. Msishtuke, hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Bonyezeni NEXT, kisha CONTINUE.

Baada ya hapo, mikono mbali. Uhamishaji mwingi hukwama kwa sababu mtu amepokea simu, amefungua programu nyingine, au skrini imezimika. Move to iOS lazima ibaki mbele ya macho mpaka mwisho. Ikikwama, zimeni data ya laini katika simu ya zamani, muiwashe upya, mrudie. Na simu ya zamani ikisema imemaliza huku mstari wa iPhone haujafika mwisho, aminini iPhone. Mama wa vitenge alitumia saa moja na robo.

Kisha wekeni WhatsApp kutoka App Store, mwingie kwa namba ileile iliyokuwa katika simu ya zamani. Namba nyingine haitafungua kitu. Hapo utaombwa namba ya uthibitisho inayokuja kwa ujumbe mfupi. Iandike mwenyewe. Ukimsomea fundi au mtu yeyote anayekupigia, umempa akaunti yako. Ukiulizwa, bonyeza Start, na mazungumzo yatapangika. Historia ya simu zilizopigwa kupitia WhatsApp haihami. Mazungumzo, picha na vikundi vinahama. Mjue pia kwamba mazungumzo hayo bado hayana nakala popote mpaka uwashe nakala ya iCloud, ambayo bure ni GB 5 tu.

Kwa anayetoka Android kwenda Android ya chapa nyingine, nakala ya Google husomeka. Tena tangu mwaka 2023 WhatsApp ina Transfer chats ndani ya Settings, sehemu ya Chats: simu mbili hukaa karibu, moja husoma alama ya QR ya nyingine, na mazungumzo hupita bila kula bando.

Simu ya zamani ikae nyumbani wiki mbili. Katika muda huo fungua mazungumzo matano ya zamani na uone kama picha zake zinafunguka, hesabu majina, tafuta risiti ya mwaka juzi. Ukitaka kuiuza, toa laini na kadi ya kumbukumbu, ondoa akaunti ya Google katika mipangilio, na baada ya hapo ndipo uirejeshe katika hali ya kiwandani. Ukiifuta bila kuondoa akaunti, huenda mnunuzi akakuta inadai nywila yako, na atarudi mlangoni kwako akiwa na haki.