Maneno ya Kuuza Bima ya Mazishi: Heshima Bila Kumtia Mtu Haya



Bima ya mazishi sote tunaijua: mwanachama hulipa ada, na akifariki yeye au mtegemezi aliyeandikishwa, familia hupewa kiasi kilichotajwa kwenye mkataba. Sitakaa hapo.

Kwa miaka mingi nimegombana na sentensi moja inayorudi katika vipeperushi vyetu: "Usikubali mzazi wako azikwe kwa michango." Kwetu mchango si aibu. Vikundi vya kufa na kuzikana vipo mijini na vijijini, na daftari la rambirambi hutunzwa ili aliyepewa naye atoe msiba ukihamia kwa jirani. Sentensi ile humtia mtu haya kwa jambo ambalo ndugu zake wanalihesabu kuwa wajibu, na anayenunua kwa haya haulizi maswali. Hasa haulizi juu ya kipindi cha kungoja.

Tuchukue mfano. Mkataba unasema kifo cha maradhi hulipwa baada ya miezi mitatu, cha ajali tangu siku ya kwanza. Binti anamwandikisha baba yake tarehe 1 Machi. Mzee anafariki kwa maradhi tarehe 20 Aprili. Hakuna malipo. Lakini binti alikwishawaambia ndugu wasihangaike kuchanga, maana ndivyo kipeperushi kilivyomfundisha. Mwili uko mochwari, jeneza na gari la kwenda kijijini havijalipiwa, naye amesimama mbele ya baba zake wadogo hana la kusema. Heshima tuliyomwahidi tumemvua sisi wenyewe.

Jingine ni "malipo ndani ya saa 48". Saa hizo kwa kawaida huhesabiwa tangu nyaraka zikamilike, si tangu mtu akate roho. Muislamu aliyefariki alfajiri mara nyingi huzikwa siku hiyohiyo. Fedha zitakuta kaburi limeshafukiwa. Zitafaa kulipa deni la sanda na gharama za matanga. Basi tuseme hivyo.

Ningeandika: "Msiba ukikufika, ndugu na majirani watakuja. Bima hii inaongeza shilingi 2,000,000 juu ya mikono yao. Kifo cha maradhi hulipwa baada ya miezi mitatu ya uanachama. Fedha hutoka ndani ya saa 48 tukishapokea kibali cha mazishi na kitambulisho."

Napendekeza kipindi cha kungoja kiandikwe kwa herufi zilezile za kiasi cha malipo, ukurasa uleule. Wakala akisome kwa sauti kabla ya saini. Neno "michango" lisitumiwe kama tusi. Picha za wanaolia ziondolewe. Wakala asipeleke fomu matangani, angoje aitwe. Narudia la kungoja, kwa kuwa nimeshaambiwa mara nyingi kwamba linapunguza mauzo. Huenda ni kweli, na sina mamlaka ya kuamua kwa niaba ya kampuni yoyote. Lakini mteja anayeondoka baada ya kusoma sentensi hiyo ndiye yule ambaye angekuja kulia ofisini mwezi Aprili.