Kabla ya Kubonyeza Nambari ya Siri

Ujumbe wa bima ya uongo hupenda kuingia jioni, wakati mtu amefunga kibanda na pesa za siku bado ziko kwenye simu. Tuchukue mmoja, uliotungwa kwa ajili ya maoni haya, ingawa wasikilizaji wengi watautambua: "Hongera! Umechaguliwa kupata bima ya SHA ya familia nzima. Kulazwa hadi 500,000, uzazi pamoja. Lipa 1,500 pekee kwa mwaka. Ofa inaisha leo saa sita usiku. Tuma kwa nambari hii." Chini yake ipo nambari ya simu ya kawaida.

Tumpe ujumbe huo mama anayeuza viazi soko la Kongowea, Mombasa. Ana watoto watatu, na mmoja anasumbuliwa na pumu. Elfu moja na mia tano anazo, na bima anaihitaji kweli. Tapeli hahitaji kumjua; akituma maneno hayo hayo kwa watu elfu moja, hatakosa kumpata mzazi aliyetoka hospitalini wiki hiyo na bili mfukoni. Kumwita mama huyo mjinga ni kumkosea. Ujumbe unazungumzia shida anayoiishi, na unataja jina la taasisi iliyopo.

Lakini ujumbe huo umejifunga wenyewe, na kamba ni ile bei.

Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo Wakenya wanaiita SHA, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, chini ya Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023. Mchango wake haupangwi na ajenti wala haushuki kwa ofa ya usiku mmoja. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mapato yake kabla ya makato. Asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu hali ya nyumba yake, kisha mapato ya kaya yakakadiriwa, na kiwango ni kile kile cha asilimia 2.75. Kwa vyovyote vile, mchango haupungui shilingi 300 kwa mwezi.

Basi tupige hesabu. Shilingi 300 mara miezi 12 ni 3,600. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa kwa mwaka kwa kaya inayojilipia. Ikiwa mapato ya mama wa Kongowea yatakadiriwa kuwa 15,000 kwa mwezi, mchango wake utakuwa shilingi 412 na senti 50 kwa mwezi, yaani 4,950 kwa mwaka. Hakuna njia ya halali ya kufika 1,500. Serikali inaweza kumlipia asiyejiweza, na hapo yeye hatoi kitu. Lakini nusu bei kwa waliochaguliwa haimo katika sheria hiyo.

Kuna ujumbe mwerevu zaidi, ambao hautaji mchango kabisa. Huo husema kwamba usajili wako umekwama, au jina lako limo kwenye orodha ya watakaolipiwa na serikali, na kinachotakiwa ni shilingi 300 za "kuthibitisha". Kiasi ni kidogo makusudi, ili mtu aone si kitu cha kufikiria mara mbili. Usajili wa SHA hauna ada. Mtu hupiga *147# kwenye simu yake mwenyewe, au huingia katika tovuti ya afyayangu.go.ke, na humo humo huona kama amesajiliwa na kama mchango wake umefika. Herufi za mwisho za tovuti hiyo zina maana, kwa kuwa .go.ke hutolewa kwa taasisi za serikali peke yake. Anwani iliyoandikwa SHA katikati na kuishia na kitu kingine inaweza kutengenezwa na yeyote mwenye kadi ya benki na nusu saa ya kupoteza.

Kipimo cha pili kiko kwenye simu ya mama huyo, na hulipii kukitumia. Mtu anapotuma pesa kwa M-Pesa, kabla muamala haujakamilika simu humwonyesha jina la anayepokea. Wengi hubonyeza tu, kwa mazoea, kama vile ukurasa ule umewekwa kuwachelewesha. Kama ujumbe ulisema SHA, au kampuni ya bima, halafu jina linalotokea ni la mtu binafsi, mjadala umekwisha. Matapeli wanalijua hilo, ndiyo maana wengine huwa na maelezo tayari: huyo ni mhasibu wetu, au laini ya ofisi imesajiliwa kwa jina la meneja. Kampuni ya bima iliyosajiliwa haikosi akaunti ya benki wala nambari ya Paybill yenye jina lake. Haina sababu ya kukusanya pesa za wateja kwenye laini ya meneja.

Hapa ndipo tunapoingia kwenye bima za kampuni binafsi, na huko kazi ni ngumu kidogo. Bei zao hazikuwekwa na sheria. Zinatofautiana kwa umri, kwa hospitali na kwa kiwango cha matibabu. Kwa hiyo bei peke yake haimfichui mwongo. Kinachomfichua ni leseni.

Nchini Kenya anayetoa leseni hizo ni Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, kwa mujibu wa Sheria ya Bima, Sura ya 487. Kampuni inahitaji leseni, dalali wa bima anahitaji leseni, na ajenti naye anahitaji ya kwake kwa jina lake. Leseni hizo ni za mwaka, na IRA huweka orodha ya walioruhusiwa kwenye tovuti yake, ira.go.ke. Neno la mwaka ndilo watu hulisahau. Ajenti anaweza kuonyesha cheti halisi, chenye muhuri halisi, ambacho muda wake ulipita miaka miwili iliyopita. Mwingine huonyesha cheti cha mafunzo ya bima, kile cha Chuo cha Bima, na kukiita leseni. Cheti hicho kinathibitisha kwamba alisoma na kufaulu. Hakimruhusu kuuza chochote.

Tuseme basi ajenti amemfikia mama wetu kwa ujumbe, akitaja kampuni inayojulikana. Hatua ya kwanza ni kuomba jina lake kamili kama lilivyo kwenye leseni, mwaka wa leseni, na jina kamili la kampuni anayoiuzia. Jina kamili, kwa sababu hila ya kawaida ni kulichukua jina la kampuni ya kweli na kulibandika neno la ziada, "Afya" au "Huduma", likasikika kama tawi jipya. Hatua ya pili ni kuyatafuta majina hayo mawili kwenye orodha ya mwaka huu. Ya tatu, ambayo wengi huiruka, ni kuipigia simu kampuni yenyewe na kuuliza kama ajenti huyo ni wao. Nambari ya kupiga itoke kwenye orodha ya IRA au kwenye mlango wa ofisi yao. Ikitoka kwenye ule ujumbe, atakayepokea ni mwenzake tapeli, na atakuwa na sauti ya adabu sana.

Hata ajenti akiwa halali, pesa iende kwa kampuni. Hili si suala la kumshuku mtu. Sheria ya Bima, kifungu cha 156, inaikataza kampuni kubeba hatari ya mteja kabla haijapokea malipo. Ada iliyolala kwenye simu ya ajenti kwa wiki mbili inaweza kumwacha mteja akibishana dirishani hospitalini kama bima yake ilikuwa imeanza au la, mtoto akiwa anahema kwa shida mapajani. Ajenti mzuri humpa mteja nambari ya malipo ya kampuni, humwelekeza aandike nini kwenye nafasi ya akaunti, na risiti hutoka kwa kampuni.

Jambo jingine la kutazama ni maswali ambayo muuzaji haulizi. Bima ya afya ya kweli kwa mtu binafsi huanza na fomu: una umri gani, kuna ugonjwa wa muda mrefu, umewahi kufanyiwa upasuaji. Kisha huja muda wa kusubiri, ambao kwa uzazi mara nyingi ni miezi 10 au zaidi, na kwa magonjwa ya awali huwa na masharti yake. Anayeahidi uzazi, pumu na kisukari kuanzia kesho asubuhi, bila fomu hata moja, hajali jibu kwa kuwa hana mpango wa kulipa hospitali yoyote.

Na leseni nayo ina mipaka yake, haifai kuipamba. Kampuni ya Resolution ilikuwa na leseni, na ilijulikana sana kwa bima ya matibabu. Mwezi wa Aprili 2022 IRA iliiweka chini ya usimamizi wa kisheria kwa sababu ya hali yake ya fedha. Tofauti inaonekana baada ya kuanguka. Kampuni yenye leseni ikifilisika, upo Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima, ambao hulipa madai hadi kiwango kilichowekwa, na kuna mdhibiti anayepaswa kujibu maswali. Aliyempa tapeli pesa hana mfuko wa kukimbilia, kwani kisheria hakuwahi kuwa na bima.

Ikiwa pesa zimeshatumwa, dakika zina thamani. Kwa mteja wa Safaricom, ujumbe wa muamala hupelekwa kwa 456 kuomba urejeshwe, ingawa maombi hayo hufaulu tu iwapo pesa bado hazijatolewa upande wa pili. Ule ujumbe wa ulaghai hupelekwa kwa 333, bila malipo. Usifutwe kwa hasira. Polisi watauhitaji watakapoandika ripoti kwenye kitabu cha matukio, na IRA ina kitengo cha kuchunguza ulaghai wa bima, kinachofanya kazi na polisi, tangu 2011.

Mama wa Kongowea bado ana elfu moja na mia tano zake. Usiku huu apige *147#, aone jina lake liko wapi na anadaiwa kiasi gani. Ikiwa anataka bima ya kampuni, asubuhi aombe jina la ajenti lilivyoandikwa kwenye leseni, alitafute kwenye orodha ya mwaka huu, na asitoe hata shilingi moja mpaka kampuni iliyomo kwenye orodha iwe ndiyo inayoonekana kwenye simu yake kabla muamala haujakamilika.