Lundo la Mahindi
(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme jambo la hisabati. Nitawaeleza kosa langu mwenyewe, nililolifanya katika mwaka wangu wa kwanza kazini, wino wa shahada ukiwa haujakauka.

Nilipelekwa kusimamia ghala. Siku hiyo mahindi makavu yalikuwa yakipandishwa kwa mkanda na kumwagwa sakafuni katikati ya ghala, kiasi cha tani 36 kwa saa. Mita moja ya ujazo ya mahindi makavu ina uzito wa kilo 720 hivi, kwa hiyo tulikuwa tukimwaga mita za ujazo 50 kila saa. Ncha ya mkanda ilikuwa juu kidogo ya mita 3. Lundo likifika hapo ilitubidi tusimame.

Tulianza saa tisa alasiri. Saa kumi na dakika tatu kimo cha lundo kilikuwa mita 2. Vibarua wakaniuliza watamaliza saa ngapi, maana lori la kuwarudisha mjini lilikuwa likiondoka saa kumi na moja. Nikajisemea: mita 2 kwa saa moja, basi mita iliyobaki ni nusu saa. Kwa kuwa mimi ni msomi, nikatoa kalamu nihakikishe. Ujazo wa pia ni

V = (1/3)πr²h

Nusu kipenyo cha kitako kilikuwa mita 5. Nikakiweka 5 mahali pa r, nikapata kwamba kimo kinapanda mita 1.9 kwa saa. Nusu saa tena! Nikawaambia wasiwe na shaka, lori watalipata.

Mzee mmoja miongoni mwao akaniambia, "Mwanangu, hili sasa linanenepa, halirefuki." Nikamjibu, "Ndiyo, mzee," nikaendelea na yangu.

Tulimaliza saa kumi na mbili na nusu. Lori lilikuwa limekwenda zamani. Walirudi kwa miguu gizani, yule mzee akiwa mbele yao.

Kosa lilikuwa wapi? Nafaka ikimwagwa haikai wima. Punje zikirundikana mno juu huteremka ubavuni, na mteremko hubaki uleule. Kwa mahindi yetu nusu kipenyo kilikuwa mara 2.5 ya kimo, lundo likiwa dogo au kubwa. Kimo kikipanda, kitako nacho hupanuka. Mimi nilikigandisha kitako kwenye mita 5, kana kwamba lundo limo ndani ya pipa. Yafaa kuweka r = 2.5h kwanza, ndipo kutafuta kasi:

V = (6.25/3)πh³
dV/dt = 6.25πh² × dh/dt

Tazameni: 6.25πh² ni πr², yaani eneo la kitako. Kwa hiyo kasi ya kimo ni kasi ya kumwaga, gawanya kwa eneo la kitako. Hata asiyesoma kalkulasi anaweza kuliona hili. Mteremko usipobadilika, kimo kikiongezeka sentimita moja, kila mahali juu ya lundo pameongezeka sentimita moja ya wima. Ni sawa na kutandika tabaka la unene huo juu ya kitako chote.

Kwenye mita 2 kitako kilikuwa mita za mraba 78.5. Gawanya 50 kwa 78.5, unapata sentimita 64 kwa saa, theluthi moja tu ya hesabu yangu. Kwenye mita 3 kasi imeshuka hadi sentimita 28. Lundo lote la mita 3 ni mita za ujazo 177 hivi, yaani saa tatu na nusu za kumwaga.

Kilichonidanganya hasa ni kwamba hesabu zangu mbili zilikubaliana. Zilikuwa kosa lile lile katika nguo mbili: ukigandisha r unapata wastani wa kasi tangu mwanzo, si kasi ya sasa.

Vijana, msilichukue 2.5 kama amri. Mahindi yenye unyevu husimama wima zaidi. Zungusheni kamba chini ya lundo, gawanyeni urefu wake kwa 6.28 mpate r, pimeni kimo, kisha rudieni baada ya nusu saa. Uwiano ukibadilika, au kitako kikigusa ukuta, kanuni hii imekwisha kazi.

Keshoye nilimweleza yule mzee hesabu yote, mpaka kwenye theluthi. Akasikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza ni nani atakayelipa saa mbili za ziada. Nililipa mimi.