Sifuri ya Mita na Kiu ya Mlimani

Mji wa Mwanza haukuumbwa mbali na maji, kwani ziwa liko miguuni pake, na chanzo cha Butimba peke yake kilijengwa kwa uwezo wa lita milioni 48 kwa siku. Lakini maadamu watu wengi wamejenga juu ya majabali, maji hayana budi kusukumwa na pampu hadi matangi ya vilimani, na mwendesha pampu hana budi kukisia usiku mahitaji ya asubuhi.

Makisio hayo hayahitaji mtambo mkubwa. Kompyuta ndogo ya ESP32, iliyofungwa katika kibanda cha tangi, ina kumbukumbu ya kilobaiti 520, ilhali vipimo vya kila saa kwa juma zima ni namba 168 tu, zisizofikia hata kilobaiti moja. Tena hesabu hufanyika papo hapo, mtandao wa simu uwepo usiwepo.

Tuchukue tangi la mfano, ambalo watu wake hutumia mita za ujazo 40 saa 1 asubuhi, na modeli yetu huchanganya robo tatu ya kipimo cha saa hiyo juma lililopita na robo ya kipimo cha jana. Umeme ukikatika usiku, tangi likakauka, mita ya kutokea itaandika sifuri; kesho yake modeli itakisia 30, na juma la pili, siku ile ile, itakisia 10. Pampu ikiifuata hesabu hiyo, tangi litakauka tena, na upungufu utakuwa umegeuzwa kuwa mahitaji.

Dawa ni kuiandika saa hiyo kuwa haijulikani, wala si sifuri, na kuitegemea jana peke yake, au juma peke yake, kwa kadiri kilichopo kilivyo sahihi. Wala isidhaniwe kwamba hila hii huonekana katika sifuri tu: kina kikishuka, msukumo hupungua, nyumba za juu hukosa kwanza huku za chini zikiendelea kuchota, na mita husoma namba inayoonekana kuwa halali. Kadhalika maji yarudipo, kila mtu hujaza ndoo na simtanki, nayo mita hupanda kupita kawaida. Saa hizo nazo zitengwe.

La hatari zaidi ni kuipima modeli kwa saa hizo hizo, kwa kuwa ile inayokisia sifuri wakati wa ukame wa tangi itapata alama nzuri kuliko ile iliyojua kiu ya watu. Basi kabla hatujaomba modeli kubwa zaidi, tufunge kihisi cha kina ndani ya kila tangi, kando ya mita, kituonyeshe ni saa zipi za kutengwa.